Jinsi ya Kuomba Kusoma Nyaraka za Kale kwa Makala Yako ya Kwanza ya Historia: Kutenganisha Vyanzo vya Msingi na Vyanzo vya Upili

Mwanafunzi wa historia aliyeko Iringa anapopewa kazi yake ya kwanza ya utafiti, jambo la kwanza analolifikiria huwa ni barua: nani ataisaini, ipigwe muhuri gani, ipelekwe ofisi ipi. Barua ni muhimu, nami nitaieleza hapa chini. Hata hivyo, barua inayoomba "kusoma nyaraka zote zinazohusu Wahehe" haimsaidii afisa anayeipokea, kwa kuwa hajui akutolee faili lipi. Ili uweze kutaja unachokitaka, inakubidi kwanza ujue katika mada yako kipi ni chanzo cha msingi na kipi ni chanzo cha upili, na hilo haliwezekani kabla hujaandika swali lako.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa kwa Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Halikukabidhiwa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akachagua fuvu moja, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Swali la mwanafunzi wetu ni hili: kwa nini serikali ya Tanganyika ilirudisha fuvu mwaka 1954, miaka 35 baada ya mkataba kulitaja?

Hatua ya kwanza: pambanua vyanzo kwa kutumia swali

Chanzo cha msingi ni ushahidi uliotoka ndani ya tukio au wakati unaouchunguza: barua ya gavana, taarifa ya mkuu wa wilaya, gazeti la mwezi ule, picha, maelezo ya mtu aliyekuwepo. Chanzo cha upili ni kazi ya mtu aliyekuja baadaye, akakusanya ushahidi wa aina hiyo na kuutolea hoja. Wengi wanaijua tofauti hiyo tangu kidato cha tano. Kinachowaponyoka ni kwamba cheo hicho hakikai ndani ya karatasi. Swali ndilo linalokitoa.

Chukua kifungu cha 246. Kwa anayeuliza Waingereza walitaka nini mwaka 1919, kifungu hicho ni chanzo cha msingi kisicho na shaka. Kwa anayeuliza nini kilitokea Mlambalasi mwaka 1898, kifungu hichohicho ni dhaifu sana, kwa sababu kiliandikwa miaka 21 baadaye na watu ambao hawakuwepo, tena walikuwa na madai yao dhidi ya Ujerumani. Kinasema kwamba fuvu liliondolewa likapelekwa Ujerumani. Hayo ni maneno ya mdai, na huwezi kuyaweka kwenye makala kama ushahidi wa safari ya fuvu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kitabu kilichochapishwa ni chanzo cha upili. Magdalene von Prince, mke wa ofisa wa Kijerumani aliyeiongoza Iringa miaka ile, aliishi hapa na mumewe na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1903. Kitabu hicho kina jalada na kurasa kama vitabu vingine, lakini ni chanzo cha msingi kuhusu maisha ya Wajerumani wa Iringa, kwa vile mwandishi aliyaona aliyoyaandika. Kuwa chanzo cha msingi hakumfanyi awe mkweli kwa kila jambo. Kunamfanya awe shahidi, na shahidi huulizwa alisimama wapi na alikuwa na masilahi gani.

Chora jedwali la safu tatu: chanzo, kinajibu sehemu gani ya swali, ni cha msingi au cha upili kwa sehemu hiyo. Mstari mmoja ukikushinda kujaza, ujue swali lako bado ni pana.

Hatua ya pili: soma vyanzo vya upili kwanza, kwa kalamu mkononi

Hii inawashangaza wanaodhani kwamba mtafiti wa kweli huanzia kwenye mafaili. Vyanzo vya upili ndivyo vinavyokuonyesha faili lilipo. Mwanahistoria makini huweka tanbihi, na ndani ya tanbihi mna jina la hifadhi, namba ya faili na tarehe ya barua. Nakili kila tanbihi inayogusa miaka ya 1953 na 1954. Nakili pia mahali waandishi wanapopingana. Kwa mfano, kuhusu siku ya makabidhiano utakuta wengine wameandika tarehe 19 Juni 1954 na wengine tarehe 9 Julai 1954. Kuhesabu ni waandishi wangapi wako upande gani hakutatui chochote, kwa sababu huenda kumi wamenakiliana. Gazeti au ratiba ya serikali ya mwaka ule ndiyo itakayoamua, na hapo tayari umepata jambo mahususi la kuliombea ruhusa.

Hoja ya kwamba Twining alitaka utii wa Wahehe wakati vita vya Mau Mau vinaendelea Kenya nayo utakutana nayo kwenye vyanzo vya upili. Hiyo ni tafsiri. Inaweza kuwa sahihi, lakini kazi yako ni kutafuta katika nyaraka za wakati ule kama gavana mwenyewe aliliandika jambo hilo, alimwandikia nani, na lini.

Hatua ya tatu: barua ya utambulisho na kibali

Omba chuoni kwako barua ya utambulisho pamoja na kibali cha utafiti. Mwanafunzi Mtanzania kwa kawaida hupata kibali kupitia chuo chake. Mtafiti wa kigeni ndiye anayelazimika kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hakikisha barua ina jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kichwa cha utafiti, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na ofisi zote unazokwenda. Ofisi ambayo haikutajwa inaweza kukurudisha, nami niliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu hiyo tu, nikapoteza siku mbili.

Barua yako mwenyewe iandikie Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo hifadhi yake iko Upanga, Dar es Salaam. Kiini chake kiwe hivi:

"Yah: Maombi ya kusoma nyaraka kuhusu kurudishwa kwa fuvu la Mtwa Mkwawa, 1953–1954. Naomba kusoma mafaili ya serikali ya Tanganyika yenye mawasiliano kati ya Gavana, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini na Wilaya ya Iringa kwa miaka hiyo. Namba za mafaili nilizozipata kwenye maandiko nimeziambatisha."

Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30, hivyo za 1954 zimekwishavuka muda huo. Ada na siku za huduma uziulize kwa simu kabla hujapanda basi Igumbilo.

Hatua ya nne: ndani ya chumba cha kusomea

Utajaza fomu ya msomaji, kisha utapewa orodha za mafaili. Mafaili ya Wajerumani yapo, lakini yako kwa Kijerumani na mengi yameandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huhangaika kuusoma. Kwa makala ya kwanza, swali la 1954 lina nafuu kwa sababu mafaili yake ni ya Kiingereza na mengi yamepigwa taipu. Uliza pia kitabu cha Wilaya ya Iringa, ambamo maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiandika habari za wilaya. Nacho kiwekee tahadhari: ofisa anapoandika kuhusu mwaka 1898 anarudia aliyoyasikia, na anapoandika kuhusu kodi aliyoikusanya yeye mwenyewe ni shahidi.

Tumia penseli. Kwa kila karatasi andika jina la hifadhi, namba ya faili, namba ya ukurasa, nani alimwandikia nani, na tarehe, kabla hujanakili neno lolote la ndani. Ukirudi Iringa bila namba ya faili, nukuu yako haina kazi, na safari ni zaidi ya kilomita 400.

Ukilipata faili linaloeleza jinsi fuvu lilivyochaguliwa Bremen, soma kwa uangalifu linathibitisha nini. Vipimo vya mafuvu vililinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na likachaguliwa lenye tundu la risasi. Faili hilo ni chanzo cha msingi cha uamuzi wa serikali. Halithibitishi kwamba fuvu lililoko Kalenga ni la Mtwa, na mwanafunzi akiandika "nyaraka zimethibitisha" atakuwa amevuka mpaka wa ushahidi wake.

Hatua ya tano: ruhusa ya kuwahoji wazee

Barua ya chuo ipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Iringa. Ofisi yake itakuandikia barua ya kwenda wilayani, wilaya itakuelekeza kwa mtendaji wa kata, na yeye kwa mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi, hata kama mzee unayemtaka ni babu yako wa ukoo. Mtendaji akikutana na mgeni mwenye kinasa sauti bila taarifa, mazungumzo yataishia hapo.

Ukifika, amkia "kamwene", kaa, eleza habari za swali lako, omba ridhaa ya kurekodi. Kisha muulize mzee alizaliwa lini. Mzee wa Kalenga aliyezaliwa mwaka 1942 na kuyaona makabidhiano akiwa na miaka 12 ni chanzo cha msingi kwa mwaka 1954. Akianza kukusimulia Mlambalasi, anatoa mapokeo aliyopewa na waliomtangulia. Mapokeo hayo yana thamani kubwa kwa anayechunguza Wahehe wanavyomkumbuka Mtwa, lakini muulize: "Hili nani alikusimulia, naye alilipata wapi?" Majibu yakiwa sawa neno kwa neno na maelezo yaliyoko ukutani katika jumba la makumbusho la Kalenga, huenda masimulizi yametoka ukutani.

Katika tanbihi, taja ulichokiona kwa macho yako. Barua ya Twining uliyoisoma ndani ya kitabu cha mwanahistoria iandike "kama ilivyonukuliwa katika" kitabu hicho, hata kama jirani yako darasani ameitaja kana kwamba alilishika faili. Makala ikishasahihishwa, peleka nakala moja katika kila ofisi ambayo barua yake ya ruhusa ilikutaka ufanye hivyo, nyingine umsomee mzee.