Ibashirie timu yako bila jina

Shabiki wa Yanga akisoma habari za dabi na Simba, mabao ya straika wake anayakumbuka yote. Beki aliyeumia anampita kama hakumwona. Kabla hujaweka mkeka, andika hali ya timu zote mbili bila majina, A na B tu: majeruhi, uchovu wa safari, matokeo ya mechi 5 za mwisho. Ndipo ukadirie nafasi ya timu yako kushinda. Tuseme moyo ulisema asilimia 60, karatasi inasema 45. Sasa tazama odi. Ikiwa 2.50, gawanya 1 kwa 2.50 upate asilimia 40, na humo kampuni imeshachomeka faida yake, hivyo makadirio yao halisi yako chini zaidi. Bado unawazidi? Taja sababu ya maana ya timu yako kufungwa. Ukiikosa, mechi hiyo itazame tu.