Mauzo yanapanda, lakini bidhaa imeshakomaa: namna ya kuligundua hilo

Nasambaza pilipili ya chupa kwenye maduka ya mtaani, kuanzia Sinza hadi Manzese. Bidhaa hupita hatua nne: kuingia sokoni, kukua, kukomaa na kushuka. Wengi tunaponzwa pale inapotoka kukua kwenda kukomaa, maana daftari bado linaonyesha mauzo yanaongezeka.

1. Hesabu kilichonunuliwa, si ulichopeleka. Mzigo wa mali kauli unaweza kukaa dukani hadi chupa zikaota vumbi shingoni. Kila mwisho wa mwezi nakwenda kwa Mangi, nazihesabu mwenyewe. Nilikuta 5, nikaongeza 12, sasa zimebaki 8: zimeuzwa 9.

2. Gawanya kwa idadi ya maduka. Machi nilikuwa na maduka 20 yaliyouza chupa 240. Julai maduka yakawa 60, chupa 540. Nilifurahi nikaagiza chupa tupu nyingine. Lakini wastani wa kila duka ulikuwa umeshuka kutoka chupa 12 hadi 9.

3. Yatazame maduka ya zamani peke yake. Kama yale 20 ya mwanzo bado yanauza 12 kila moja, bidhaa inakua. Hapo tatizo ni maduka mapya. Yangu ya zamani nayo yalikuwa yameshuka hadi 9, dalili ya kukomaa. Kabla hujaamua, hakikisha mzigo haukukatika hata wiki moja, na kwamba hulinganishi mwezi wa Ramadhani na mwezi wa kawaida.

4. Sasa fanya kinachofaa hatua hiyo. Ikiwa ndiyo inaingia, baki na maduka machache, onjesha watu, na usiongeze duka mpaka uone wateja walewale wanarudi. Ikikua, kazi kubwa ni mzigo usikatike, kwa sababu mteja akikosa chupa yako atachukua nyingine iliyo jirani yake rafuni.

Ikikomaa, wengi hukimbilia kushusha bei. Piga hesabu kwanza. Chupa ya shilingi 2,000 inaniachia faida ya 500, hivyo chupa 9 ni 4,500. Nikipunguza bei kwa 200, faida inabaki 300, na lazima duka liuze chupa 15 ili nirudi palepale. Mtaa wenye watu walewale hauwezi kula pilipili kiasi hicho. Nikaacha bei kama ilivyo, nikasitisha kuongeza maduka, nikatafuta mlaji mwingine: wauza chipsi. Hao hawataki chupa, wanataka dumu la lita 5, na humaliza dumu kabla nyumba haijamaliza chupa moja.

Maduka ya zamani yakiendelea kushuka miezi mitatu mfululizo licha ya hayo, hapo ni kushuka. Usitie tena hela kwenye matangazo. Ondoa duka ambalo faida yake hailipi nauli ya bodaboda, uza chupa zilizobaki, na usichapishe lebo mpya.