Mkopo wa asilimia 10: jinsi kikundi cha wauza dagaa kinavyoonyesha wateja wanaorudi

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Safari huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na huyo ndiye atakayewaeleza usajili wa kikundi na fomu. Mwongozo huu unahusu sehemu moja tu ya andiko la mradi, ile ya soko. Wengi huandika pale "tuna wateja wengi wa uhakika" na kuishia hapo. Kikundi kinachouza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, Mwanza, kinaweza kuweka namba, mradi kiwe na daftari la mauzo la miezi 6.

Anzeni kwa kuhamishia daftari kwenye Excel au Google Sheets, mauzo moja kwa mstari mmoja: A tarehe (bila saa), B simu ya mteja, C kiasi kilicholipwa. Msitumie jina kumtambua mteja, kwa sababu Mama Neema wako watano. Simu nayo ina mitego yake. Huyu ameandikwa kwa 0 mwanzoni, yule kwa +255, na Excel hula sifuri ya mbele. Tarakimu 9 za mwisho ndizo zisizobadilika, basi D iwe:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Mteja mwenye laini mbili muunganisheni kwa mkono. Malipo yaliyotumwa na dereva wa lori yapeni simu ya mwenye mzigo, la sivyo dereva anayelipia maduka matatu ataonekana ndiye mteja wenu mkubwa.

E ni siku mteja aliponunua mara ya kwanza, na F ni mauzo yake katika siku 90 zilizofuata:

```
E2: =MINIFS(A:A,D:D,D2)
F2: =COUNTIFS(D:D,D2,A:A,">"&E2,A:A,"<="&E2+90)
```

Alama ya > inaziacha nje risiti za siku ile ile ya kwanza. Aliyechukua gunia asubuhi na kuongeza jingine jioni hajarudi, amemalizia manunuzi yake tu.

Kwa nini siku 90? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mavuno hushuka, mwalo hupoa, na mteja mwaminifu kabisa hukaa kimya kwa kukosa mzigo. Dirisha la siku 30 hubeba mzunguko mmoja tu wa mwezi, na mapumziko hayo yataonekana kama kukimbiwa. Siku 90 hubeba mizunguko mitatu.

Sasa hesabu. Tuseme daftari linaanza Januari mosi hadi Juni 30 na lina wateja 84. Waliorudi ni 24, na 24 kwa 84 ni kama asilimia 29. Jibu hilo linawaonea, kwani 24 kati ya hao 84 walikuja mara ya kwanza baada ya Machi, na siku zao 90 hazijatimia. Waondoeni, hata watatu wao waliokwisha kurudi. Wanabaki 60 walioanza Januari hadi Machi, na 21 kati yao wana F ya 1 au zaidi: 21 kwa 60, asilimia 35. Aliyeanza Machi 31 anatimiza siku 90 Juni 29, ndani ya daftari. Hesabuni wateja, si mistari: nakilini D, E na F kama thamani kwenye karatasi nyingine, kisha ondoeni zilizojirudia.

Kuwapata wateja bora, msipange kwa fedha peke yake. Mfanyabiashara wa Shinyanga aliyebeba mzigo wa 1,800,000 mara moja atakuwa juu ya mwenye duka wa Igoma aliyekuja siku 9 tofauti, kila mara 120,000, jumla 1,080,000. Kwa mkopo unaorejeshwa kwa awamu, huyu wa Igoma ana uzito zaidi. Kama kati ya ujio wake wa kwanza na wa tisa zilipita siku 80, gawanyeni kwa 8: huja kila baada ya siku 10 hivi. Akipitisha siku 20, na si wakati wa mbalamwezi, mpigieni.

Mali kauli ihesabiwe siku ilipolipwa. Anayerudi kila wiki huku deni likikua ni hatari, na kwenye daftari la mauzo pekee hujificha vizuri sana.

Kwenye andiko wekeni asilimia, kipindi, idadi (21 kati ya 60) na jedwali la wateja 10 bora. Majina na simu zao yabaki kwenu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Andikeni M01, M02, pamoja na mji wanakotoka. Daftari lenyewe nendeni nalo siku ya kukaguliwa.