Jina lake lipo, lako halipo: namna ya kumwandikia hongera rafiki mliyeomba naye kazi

Kazi yangu ni unasihi, na hapa Dar kuna hali moja ambayo watu huniletea tena na tena. Marafiki wawili wameomba kazi ileile serikalini, wamesoma pamoja, wamekaa kwenye usaili mmoja. Sekretarieti ya Ajira inatoa tangazo la kuitwa kazini, PDF inazunguka kwenye magrupu, jina la mmoja limo, la mwenzake halimo. Aliyekosa anafungua WhatsApp aandike hongera, na kidole kinagoma.

Kinachomchoma hakimaanishi kwamba hampendi mwenzake. Mwanasaikolojia Abraham Tesser alilieleza hili tangu miaka ya 1980: ushindi wa mtu hutuuma zaidi akiwa ni wa karibu, tena akishinda kwenye jambo ambalo sisi wenyewe tunajipimia nalo. Rafiki yuleyule akishinda mashindano ya kuhifadhi Kurani utamshangilia mpaka sauti ikauke, maana wewe hukuwamo.

Tuwachukue wasichana wawili, wote waliomba nafasi ya mhasibu daraja la pili. Wa Mbagala kaitwa. Wa Kimara, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha mwenzake hesabu za kodi jioni, hakuitwa. Tuandike meseji ya huyu wa Kimara.

Hatua ya kwanza: pata nafasi, lakini usipotee

Kama yeye mwenyewe ndiye aliyekutumia habari, usikae kimya hadi kesho yake. Ameshaona umesoma, na ukimya wako ataufasiri anavyojua. Tuma mstari mmoja: "Nimeliona jina lako besti, hongera! Nakuandikia vizuri jioni." Ukisema uko kwenye daladala, uwe kweli kwenye daladala.

Hatua ya pili: andika kinachokuuma, tena nje ya WhatsApp

Tumia karatasi. Ukiandika palepale kwenye ukurasa wake, yeye anaona "anaandika" inawaka na kuzima dakika kumi nzima, na siku moja utagusa kitufe cha kutuma bila kukusudia.

Usiridhike na jibu la jumla kama "namwonea wivu". Je, ni mshahara? Ni mama atakayeuliza "na wewe je?" ukirudi nyumbani? Kwa msichana wetu wa Kimara, tukichimba, jibu linakuwa jembamba kuliko alivyodhani: "Nilimfundisha mimi." Hilo ni la kwake, libaki kwenye karatasi. Faida yake ni kwamba sasa anajua sentensi gani itajaribu kupenya kwenye meseji, kwa mfano "si nilikwambia ile mada itatoka!"

Hatua ya tatu: kusanya unayoyajua juu yake

Hapa ndipo meseji inapopata ukweli wake. Watu hukwama kwa sababu wanatafuta furaha ambayo kwa saa hiyo haipo, kisha wanaiigiza. Acha kuitafuta. Andika mambo mawili matatu unayoyajua juu ya safari ya mwenzako, kwa sababu hayo ni kweli hata kama moyo wako umenuna. Wa Kimara anajua kwamba mwenzake aliishia kwenye mchujo mwaka jana, na kwamba alikuwa anasoma huku anakaanga vitumbua vya asubuhi na mama yake. Anajua pia kwamba mdogo wake anasubiri ada.

Hatua ya nne: andika, kisha ufute

Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Waaaoh hongera besti!!! Nimefurahi kuliko hata wewe. Una bahati sana mwaya. Sisi wenye nyota mbaya tunasubiri, Mungu atatukumbuka. Usitusahau ukishakula mshahara!"

Kila sentensi hapa ina kasoro. "Kuliko hata wewe" si kweli, na rafiki wa karibu anaijua sauti yako hata kwenye maandishi. "Una bahati" inafuta usiku wote aliosoma. "Wenye nyota mbaya" inamhamisha kutoka kwenye sherehe yake na kumfanya akubembeleze wewe. "Usitusahau" tunaitamka kwa mazoea tu hapa mjini, na kati ya watu wasiokuwa na jeraha haina ubaya, ila leo inafika kama deni. Kuna nyingine mbaya zaidi ambazo hazikuandikwa hapo: "nani alikushika mkono?" na "ila wakikupangia kijijini huko utaweza?"

Rasimu ya pili:

"Besti, hongera sana. Nakumbuka mwaka jana ulivyoishia kwenye mchujo, na wiki iliyofuata ukafungua tena madaftari huku unakaanga vitumbua. Hii kazi umeitafuta kwa jasho lako. Mungu akutangulie. Mama alisemaje ulipomwambia?"

Hakuna neno la uongo humo. Hakusema amefurahi. Dua ameiweka kwa sababu anaweza kuiomba kwa dhati, na wengi wanaonijia wanakiri hivyo: mtu hawezi kujilazimisha kufurahi, lakini anaweza kumwombea mwenzake heri huku bado anaumia. Mwislamu ataongeza mashaallah, na wazee wetu walijua kwa nini linatamkwa mbele ya neema ya mtu.

Swali la mwisho lina kazi yake. Mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walionyesha kwamba anayetoa habari njema hunufaika zaidi anapojibiwa kwa shauku na kuulizwa habari yenyewe kuliko anapopewa pongezi ya juujuu. Uliza swali moja, linalomhusu yeye. Swali la "wanalipa ngapi?" ni la kwako, liache.

Hatua ya tano: amua kama utajitaja

Mara nyingi hakuna haja. Lakini hawa wawili walifanya usaili pamoja, na mwenzake lazima anajiuliza. Akiuliza "na wewe vipi?", mstari mmoja unatosha: "Langu sijaliona, limeniuma kidogo, tutaongea siku nyingine. Leo ni yako." Hapo hajaficha wala hajaomba kubembelezwa. Kama sauti bado inatetemeka, usitume ujumbe wa sauti, andika. Na usimpambe kwenye stetasi kabla hujamwandikia yeye mwenyewe.

Utajuaje kama imefika

Tazama jibu. Akianza kukusimulia mama alivyopiga kigelegele na majirani wakaja, imefika. Akijibu "asante mwaya, na wewe yako inakuja, usikate tamaa", basi kuna sentensi ilikuponyoka, maana sasa yeye ndiye anayekuliwaza. Usijieleze kwa meseji ndefu. Rudi tu kwenye habari yake: "Haya niambie, barua ya kupangiwa kituo unaipata lini?"

Njia hii haifai kila mahali. Kama mwenzako alipata kwa kukuzunguka, mathalani alikuficha tarehe ya usaili, hilo ni kosa la kuzungumzwa ana kwa ana, na hongera nzuri haitalitibu. Na kama wiki kadhaa zimepita na bado unachungulia stetasi zake kila asubuhi ukiumia, zinyamazishe kwa muda. Yeye hataona.

Mambo yako mwenyewe yaanze siku nyingine. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi huweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti na kupangiwa kazi zinapotokea nafasi nyingine, kwa hiyo msichana wa Kimara ana sababu ya kuendelea kufuatilia matangazo. Akitaka kumuuliza mwenzake maswali ya mahojiano yalimwendeaje, asubiri mwenzake akisharipoti kazini na kutulia.