Mjamzito usiyekula nyama: jinsi ya kupanga vitamini B12 na madini chuma

Mi ni afisa lishe, kazi yangu kubwa ni wamama wajawazito, na wanaokuja kwangu wakiwa hawali nyama sio wa aina moja. Kuna Wasabato, kuna Marasta, kuna Wahindi, kuna ambao mimba ikiingia tu nyama inawanukia hata kuipita buchani hawawezi, alafu kuna wengi sana ambao hela tu haifiki kwa hiyo ni ugali maharage mchicha wiki nzima. Wote hao naanza nao sehemu moja, na sehemu yenyewe hua sio mchicha.

Hatua ya 1: angalia kama kuna chochote cha mnyama kinaingia

Andika ulichokula siku tatu zilizopita, kila kitu, hadi chai. Alafu zungushia maziwa, mtindi, mayai, samaki, dagaa. Hapa ndo mambo yanagawanyika, manake B12 haipo kwenye mimea. Haipo kwenye mchicha, matembele, kisamvu, maharage wala karanga, hata ule kilo. Ule unga wa kijani wa spirulina wanaouza kwamba una B12 nao usiutegemee, sehemu kubwa ya kilichomo kinafanana tu na B12 ila mwili haukitumii.

Mjamzito anahitaji kama mikrogramu 2.6 kwa siku. Glasi ya maziwa ina kama 1.2 na yai moja kama nusu mikrogramu, kwa hiyo glasi mbili na yai kila siku unafika, ila maziwa yakichemka muda mrefu B12 inapungua, we yakiumuka yaache kidogo uepue. Kama unakula dagaa hata mara chache kwa wiki hapo uko vizuri zaidi. Maziwa kidogo kwenye chai asubuhi basi, hayo hayafikishi.

Hatua ya 2: kama hakuna, B12 itoke kwenye kidonge

Hapa wengi wananiambia "lakini nakunywa fefo za kliniki". Soma kwenye kopo, fefo ya kawaida ni madini chuma miligramu 60 na foliki asidi basi, B12 haimo. Na foliki asidi ina tabia moja lazima uijue: inaweza kurekebisha damu ionekane nzuri wakati upungufu wa B12 unaendelea kuumiza neva kimya kimya. Sio sababu ya kuacha fefo hata kidogo, ni sababu ya kuongeza B12 pembeni.

Duka la dawa ulizia B12 peke yake, kwenye boksi inaitwa sayanokobalamini. Mwili unapokea kidogo sana kwa mkupuo mmoja ndo maana dozi za vidonge zinaonekana kubwa, usiogope, ya mikrogramu 1000 mara mbili kwa wiki inatosha kwa asiyekula kabisa vitu vya mnyama, au kidogo kidogo kila siku kama kuanzia 10 hadi 50. Muoneshe nesi wako kabla hujaanza. Kuna pia vidonge vya virutubisho mchanganyiko vya wajawazito, vile vya aina 15 kwa muundo wa Shirika la Afya Duniani, humo B12 ni 2.6 na chuma ni 30, ukipewa hivyo usirundike na fefo juu yake bila kuuliza. Na vile vidonge vya ganzi vyenye B1, B6 na B12 pamoja usivifanye vya kila siku kwa kujiamulia, mara nyingi B6 imejazwa mno kuliko mahitaji.

Hatua ya 3: chuma unacho kwenye sahani, tatizo ni chai

Chuma ni tofauti na B12, kwenye mimea kipo, ila kingi kinapita tu bila kuingia. Chukulia mama wa wiki 22, hali nyama wala mayai, HB yake, yani kipimo cha wingi wa damu, ni 9.6. Mchana wake: ugali, maharage, mchicha, alafu chai ya rangi palepale akishamaliza. Jioni hivohivo. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama miligramu 4 za chuma, sio haba, lakini chai inakishika tumboni. Kwa hiyo kitu cha kwanza sikumwongezea chakula, nilimhamishia chai mbele, anywe katikati ya milo, lisaa limoja au zaidi baada ya kula. Kahawa nayo hivohivo.

Pili, maharage yalale kwenye maji usiku, maji yale yamwagwe ndo yapikwe, hii inapunguza vitu vinavyozuia chuma. Tatu, kila mlo wenye maharage au dengu au choroko uwe na kitu chenye vitamini C mbichi: kachumbari ya nyanya na hoho iliyokamuliwa limau, au pera, au chungwa, au embe. Limau kamulia mwishoni mezani, ukilipika vitamini C inapungua.

Alafu nikamuuliza kitu ambacho wamama hawasemi mpaka uulize kwa upole: unakula udongo? Anakula, ule wa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unazuia chuma kuingia, tena unaweza kuwa na minyoo na madini ya risasi yenye sumu. Sikumfokea, nilimwambia tukijaza chuma hamu yenyewe huwa inapungua.

Hatua ya 4: fefo na majibu ya damu

Fefo meza na maji au juisi ya chungwa, sio na chai wala maziwa, wala pamoja na vidonge vya kalsiamu. Ikikukoroga tumbo meza usiku baada ya kula kidogo, choo kuwa cheusi ni kawaida. HB chini ya 11 ni upungufu wa damu (miezi mitatu ya katikati tunasema chini ya 10.5), na kwa huyu wa 9.6 daktari alimwandikia dozi ya mara mbili, yani miligramu 120 za chuma kwa siku, akapimwa malaria na minyoo pia. Wiki nne baadae tunategemea ipande angalau 1. Isipopanda na unameza kweli, omba picha kamili ya damu na muangalie MCV, yani ukubwa wa chembe nyekundu za damu: chini ya 80 inaelekea kwenye chuma, juu ya 100 inaelekea kwenye B12 au foliki, ila vikipungua vyote inaweza kusoma katikati ikaonekana sawa kabisa, kwa hiyo mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba huli vitu vya mnyama, na kama una ganzi, miguu kuchomachoma au ulimi umekua laini na unauma mtaje hapohapo. HB chini ya 7 ni hospitali siku hiyohiyo.

Chumvi iwe yenye madini joto, basi hilo halina maneno mengi.

Hatua ya 5: ukishajifungua usiache B12

Maziwa yako yanabeba ulichonacho wewe. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 anaweza kuzaliwa yuko vizuri tu, alafu kuanzia kama miezi minne hivi anapoa, hachangamki, hanyonyi vizuri, au anaacha vitu alivyokua ameshaanza kama kukaa na kutabasamu. Ukiona hivo usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke, na kitu cha kwanza kumwambia daktari ni mlo wako wewe, manake asipoambiwa anaweza asifikirie kabisa kupima B12.