Jinsi ya kuwasilisha suluhisho la swali la 455 la LeetCode: kugawa biskuti kwa watoto

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufungua swali la `455. Assign Cookies`, aliandike mwenyewe, alitume, na akiulizwa kwa nini jibu lake ni sahihi awe na la kusema. Swali lina alama ya `Easy`, na wengi hulimaliza kwa kubahatisha. Wakiambiwa wathibitishe, wanakwama. Kwa hiyo sehemu ya uthibitisho nitaipa muda kuliko sehemu ya kuandika.

Hatua ya 1: Ingia, kisha soma masharti polepole. Lazima uwe na akaunti na uwe umeingia, la sivyo mfumo hautapokea kazi yako. Utapewa orodha mbili za namba. `g` ni ulafi wa watoto: kila namba ni ukubwa wa chini kabisa wa biskuti itakayomridhisha mtoto huyo. `s` ni ukubwa wa biskuti ulizonazo. Kila mtoto anapata biskuti moja tu au anakosa, na biskuti haikatwi. Unatakiwa kurudisha idadi kubwa iwezekanayo ya watoto walioridhika. Angalia pia kwamba `s` inaweza kuwa tupu, na kwamba kila orodha inaweza kufika namba 30,000. Ukimpitisha kila mtoto kwenye kila biskuti, unaweza kufikia milinganisho milioni 900.

Hatua ya 2: Panga orodha zote mbili kuanzia ndogo kwenda kubwa. Zote mbili, si moja. Chukua mfano huu, tutakwenda nao hadi mwisho:

```
g = [7,3,5,4]
s = [6,2,4,3]
```

Ukianza bila kupanga, mtoto wa kwanza anataka 7. Unampa 6, anakataa. Unampa 2, anakataa, kisha 4, kisha 3. Biskuti zimekwisha, jibu lako ni 0, na watoto watatu waliokuwa nyuma yake hawajaonja kitu. Ukipanga unapata 3, 4, 5, 7 kwa watoto na 2, 3, 4, 6 kwa biskuti.

Hatua ya 3: Tembeza vidole viwili. Kidole kimoja kiweke kwa mtoto mwenye ulafi mdogo kuliko wote, kingine kwenye biskuti ndogo kuliko zote. Biskuti ikitosha, mpe, na vidole vyote viwili visogee. Isipotosha, sogeza kidole cha biskuti peke yake, mtoto abaki anasubiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea: biskuti ikiwa ndogo wanamruka mtoto, wakati biskuti inayofuata ingemtosha.

Kwenye mfano wetu, biskuti ya 2 haimtoshi mtoto wa 3, basi tunaiweka pembeni. Wala haina hasara, kwa sababu kama haimtoshi mwenye ulafi mdogo kuliko wote, haitamtosha yeyote. Biskuti ya 3 inakwenda kwa mtoto wa 3, ya 4 kwa mtoto wa 4, ya 6 kwa mtoto wa 5. Mtoto wa 7 anakosa. Jibu ni 3.

Sasa jaribu ukarimu wa haraka: mtoto wa 3 umpe biskuti ya 6. Mtoto wa 4 atapata ya 4, lakini mtoto wa 5 hana tena cha kula. Umeridhisha wawili. Biskuti ya 6 ndiyo pekee iliyoweza kumfaa mtoto wa 5, nawe umeimaliza kwa aliyeweza kushiba kwa 3.

Kwa nini biskuti ndogo inayotosha ndiyo sahihi daima. Mfano mmoja haujathibitisha kitu, kwa hiyo tuingie ndani. Mwite Asha yule mwenye ulafi mdogo kuliko wote, na biskuti ndogo kabisa inayomtosha tuiite B. Sasa aje mtu na mgawo wake, aseme huu ndio bora kuliko wote, na ndani yake Asha hakupewa B. Tunaweza kuurekebisha bila kupunguza hata mtoto mmoja.

Kama Asha alipewa biskuti nyingine, basi hiyo si ndogo kuliko B, maana B ndiyo ndogo kabisa inayomtosha. Ikiwa B haikuguswa, mbadilishie tu. Ikiwa B iko kwa Juma, wabadilishane: Asha anachukua B, Juma anapokea iliyo sawa na B au kubwa zaidi, na bado ameridhika. Kama Asha hakupewa chochote na B iko kwa Juma, mnyang'anye Juma umpe Asha. Mmoja ametoka, mmoja ameingia, idadi ni ileile. Na kama Asha hakupewa kitu na B imebaki mezani, mgawo ule haukuwa bora, kwa sababu mmoja zaidi angeweza kuridhika.

Kwa vyovyote vile, kuna mgawo bora ambao Asha ana B. Basi mpe. Mtoe Asha, itoe B, na kilichobaki ni swali lilelile lenye mtoto mmoja pungufu. Rudia hoja hiyohiyo hadi upande mmoja uishe.

Hatua ya 4: Andika. Chagua `Python3`, kisha:

```python
class Solution:
    def findContentChildren(self, g: List[int], s: List[int]) -> int:
        g.sort()
        s.sort()
        mtoto = 0
        for biskuti in s:
            if mtoto < len(g) and biskuti >= g[mtoto]:
                mtoto += 1
        return mtoto
```

Namba iliyo kwenye `mtoto` ni kidole na hesabu kwa pamoja: mahali ulipofika ndiyo idadi ya waliokwisha kula. `s` ikiwa tupu, mzunguko hauanzi na unarudisha 0. Kazi nzito ni ule upangaji tu.

Hatua ya 5: Bonyeza `Run`, lakini usiiamini peke yake. Niliwahi kuliandika swali hili kwa JavaScript nikatumia `sort()` tupu. Mifano ya swali ikapita yote, nikabonyeza `Submit`, nikaletewa `Wrong Answer`. Nilichukua muda mrefu kugundua kwamba `sort()` hiyo hupanga namba kama maneno, hivyo 10 inatangulia 2. Mifano ya swali ina namba za tarakimu moja, kosa halionekani. Ongeza jaribio lako la `g = [2,10]` na `s = [3]`. Jibu sahihi ni 1. Ukipata 0, umekutana na kosa hilo, na dawa yake ni `sort((a, b) => a - b)`. Likipita, tuma, usubiri `Accepted`.

Kabla ya kuihamishia mbinu hii kwenye swali jingine, rudi kwenye ile hatua ya kubadilishana. Ilisimama kwa sababu Juma alikubali biskuti yoyote iliyo kubwa zaidi. Tuseme Asha anataka 3 na anakula ladha yoyote, Juma anataka 4 na anakula ya nazi tu. Biskuti ni mbili: ya nazi yenye ukubwa wa 4, na ya chokoleti yenye ukubwa wa 5. Mbinu yetu inampa Asha ile ya nazi kwa kuwa ndiyo ndogo inayotosha, Juma anaikataa ya chokoleti, na jibu linakuwa 1. Wangeweza kula wote wawili. Ladha zikiingia, kupanga kwa ukubwa hakutoshi tena, na unahitaji mbinu za kuoanisha makundi mawili, ambazo huruhusu kumpokonya aliyekwisha kupewa na kumtafutia nyingine.