Somo: Ubeti mmoja wa kadi ya "ugua pole" kwa mwanadarasa mwenzako

Tuchukue mfano mmoja. Mwenzenu wa kidato cha pili, beki wa timu ya darasa, amevunjika mguu uwanjani na sasa yuko wodini Jinja na plasta hadi juu ya goti. Darasa linataka kumpelekea kadi yenye shairi la kuchekesha kidogo. Ubeti mmoja wa tarbia unatosha: mistari minne, kila mmoja mizani 16, nane kabla ya koma na nane baada yake. Beti tatu hazisomwi na mtu mwenye maumivu.

Hatua ya 1: Chagua cha kutania. Tania yanayotokea shuleni bila yeye, kama vile kiti chake, zamu yake ya kufagia au posho yake. Mguu, plasta na namna alivyoanguka viache. Kumbuka pia kwamba katika wodi zetu mgonjwa hulala na muuguzaji wake, mara nyingi mama au shangazi, na huenda yeye ndiye atakayeisoma kadi kwa sauti. Utani ambao mama hatacheka, uondoe.

Hatua ya 2: Tafuta vina kabla ya mistari. Wengi huanza na mstari mtamu, kisha wanahangaika kuutafutia wenzake. Kina cha kati nimechagua "ni", kwa sababu mahali pengi panaishia hivyo: wodini, darasani, jikoni, uwanjani. Cha mwisho ni "mu", nikaorodhesha pembeni: salamu, zamu, hamu, utamu, adimu, kalamu. Ukikosa maneno matano yanayohusiana na mambo yenu, badilisha kina mapema.

Hatua ya 3: Andika, kisha hesabu kwa vidole. Mstari wa tatu ulianza hivi: "Posho yako na maharage". Hesabu: po-sho-ya-ko-na-ma-ha-ra-ge. Ni tisa, na kina kimepotea. Ukiusoma kwa sauti utasikia ulimi unakimbilia silabi ya mwisho ili uwahi koma. Basi maharage yakaondoka (hata hivyo jikoni huwa machache), jiko likabaki:

Rafiki ulo wodini, pokea zetu salamu,
Kiti chako darasani, twakikalia kwa zamu,
Posho yako ya jikoni, twaila tena kwa hamu,
Pona vyema, uwanjani, beki kama we adimu.

"Ulo" ni uliye na "we" ni wewe. Ufupisho huu ushairi unauruhusu, lakini miwili katika ubeti mmoja inatosha. Angalia pia kwamba mstari wa mwisho haumwambii arudi lini. Mfupa una ratiba yake, na "tukuone Jumatatu" humfanya mgonjwa ajione amechelewa.

Hatua ya 4: Kuhamishia kwenye kadi. Karatasi ya manila ukiikunja katikati, mstari wa mizani 16 hauenei upana wake. Kata kila mstari kwenye koma inayofuata kina cha kati, upate mistari minane mifupi. Majina ya darasa yakae ukurasa wa kushoto, yasiubane ubeti.

Maswali ya wanachama

*Mbale:* Nimeandika "Mgonjwa wetu wodini". Mimi nahesabu saba, rafiki yangu anasema nane. Nani yuko sawa?

Rafiki yako. M ya "mgonjwa" inatamkwa peke yake: m-go-njwa, mizani tatu. Ni sawa na m-gu-u. Lakini katika "mbuzi" m imeshikana na b, kwa hiyo ni mbu-zi, mbili tu. Ukiwa na shaka, piga kofi kwa kila silabi.

*Gulu:* Wetu alianguka na bodaboda. Tukiiandika bodaboda ndani si itachekesha zaidi?

Itawachekesha ninyi. Mwacheni aitanie mwenyewe akirudi.

*Masaka:* Dada yetu wa darasani ana selimundu, hulazwa mara kwa mara. "Pona vyema" naona haimfai, na mpira hachezi.

Umeona vizuri. Selimundu haiishi kwa kulazwa mara moja, na yeye analijua hilo kuliko darasa zima. Mistari mitatu ya kwanza ibaki, wa nne ubadilike uahidi jambo mnaloweza kulitimiza:

Tutaleta kikapuni, machungwa yenye utamu.

Mizani ni nane kwa nane, na vina havijaguswa. Ila muulizeni kwanza muuguzaji wake kama machungwa anaruhusiwa, halafu mkishaandika, myapeleke kweli.

*Mbale tena:* Na kama mgonjwa ni mwalimu?

Hapo kiti na posho viondoke. Mwalimu hataniwi kuhusu kula kwake.